Jerikani Huondoka Mwisho

Walimu wetu, wazee mliotuheshimu kwa kuja, na ninyi vijana wa hapa Kampala na mliotoka Jinja, Busia na hata Arua, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya uzito katika animesheni. Nimechukua kitendo kimoja tu: kijana anainua jerikani ya lita 20 iliyojaa maji, anatembea nayo hatua chache, kisha anaitua. Nimechagua hicho kwa sababu sidhani kama yumo humu ndani mtu ambaye hajawahi kuibeba. Mtazamaji wetu, awe Bwaise au Gulu, ameibeba tangu utotoni, na mwili wake unaijua. Ukimwonyesha joka linaloruka, atakubali urukaji wowote utakaompa, maana hajaona joka. Ukimwonyesha jerikani, atajua mara moja kama umekosea, hata akishindwa kueleza ni wapi.

Tuanze na jambo lililo wazi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo jerikani iliyojaa ina maji ya kilo 20. Plastiki yenyewe ni kama kilo moja. Sasa chora jerikani mbili za njano, moja tupu na moja imejaa na kufunikwa. Kwenye skrini ni kitu kilekile: rangi ile, umbo lile, mshikio ule. Hakuna taa wala rangi itakayomwambia mtazamaji ipi ina maji. Habari yote ya uzito anaipata kwa kijana: amekaaje, na kila kiungo kimeanza kusogea kwenye fremu gani. Nitahesabu kwa fremu 24 kwa sekunde, kama kawaida ya filamu.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza ni kupunguza mwendo. Mtu anatengeneza kijana akiinua jerikani tupu, halafu anavuta fremu zote ziwe mara mbili, anasema sasa ni nzito. Anachokipata ni kijana anayeinua jerikani tupu polepole, kama yumo ndani ya maji. Nenda soko la Owino uwatazame wapagazi wenye magunia mgongoni. Wengi hawaendi polepole hata kidogo. Wanakaribia kukimbia, wanapiga kelele watu wapishe njia, kwa sababu kila sekunde gunia likiwa mgongoni ni gharama na wanataka ifupishwe. Na bado hakuna anayetilia shaka kwamba gunia ni zito. Uzito unaonekana pale mwendo unapobadilika: wakati wa kuanza, wakati wa kukata kona, wakati wa kusimama. Hapo katikati kitu kizito kinaweza kwenda kasi upendavyo.

Kwa hiyo kazi yetu kubwa iko kwenye mwanzo, nami nitakaa hapo muda mrefu kuliko sehemu nyingine.

Kabla ya kugusa fremu, fahamu kijana atasimama vipi akishaibeba, maana huko ndiko anakoelekea. Tuseme ana kilo 60 na jerikani iko mkono wa kulia. Mkono ukining'inia, jerikani iko kama sentimita 30 kutoka mstari wa katikati ya nyayo zake. Ili asianguke, uzito wa mwili na uzito wa maji lazima ukutane juu ya nyayo. Zidisha 20 kwa 30, unapata 600. Upande wa pili una kilo 60, basi gawanya 600 kwa 60: mwili mzima, kwa wastani, uhame sentimita 10 kwenda kushoto. Fanya hesabu hiyohiyo kwa jerikani tupu ya kilo moja: 30 gawanya kwa 60, nusu sentimita. Hiyo ndiyo tofauti ya jerikani mbili zinazofanana. Moja inamhamisha mtu sentimita 10 na nyingine haimhamishi kiasi cha kuonekana. Akitanua miguu anaweza kupunguza kidogo, na jerikani ikiegemea paja inapungua pia, lakini namba hiyo inakupa mahali pa kuanzia.

Sentimita 10 hizo hazitoki kifuani peke yake. Nyonga inateleza kwenda kushoto kwanza, mgongo unajikunja juu yake, na mkono wa kushoto unatoka pembeni kusaidia mizani. Bega la kulia linavutwa chini, mbali na sikio. Shingo inajinyoosha kurudi kulia ili macho yabaki sawa na ardhi, kwa maana mtu anayetembea hulinda macho yake yasiinamie upande. Ukikunja kifua tu na kuacha nyonga katikati, utapata mtu anayechungulia dirishani. Na ukimwinamisha kuelekea jerikani, kama wengi wanavyofanya wakidhani mzigo unamvuta, umemwangusha. Mzigo kweli unamvuta kulia. Ndiyo maana yeye anakwenda kushoto.

Sasa tuinue. Nitawapa shoti moja kwa namba, muibadilishe mtakavyo mkishaielewa.

Kuanzia fremu ya 1 hadi 20 kijana anafika na kuweka mguu. Usilipite hili haraka. Anayejua kuwa jerikani imejaa husogea hadi mguu uwe karibu nayo kabisa, kisigino kikikaribia usawa wa mshikio, kwa sababu kila sentimita kati yake na mzigo italipwa na mgongo. Anayejua ni tupu huinama alipo na kunyoosha mkono. Kwa hiyo mtazamaji ameshaanza kuona kilo 20 kabla mkono haujafika.

Fremu ya 20 hadi 32 anashuka. Nyonga inarudi nyuma, magoti yanakunjika, mgongo unainama, kiganja cha kushoto kinatua juu ya goti la kushoto. Vidole vinafika kwenye mshikio karibu na fremu ya 30 na kufunga hadi ya 34.

Kisha zinakuja fremu kumi ambazo ndizo sababu ya mimi kusimama hapa. Kati ya fremu ya 34 na 44 jerikani haisogei kabisa. Kijana ndiye anayesogea. Kwanza anazama kidogo, sentimita mbili au tatu, fremu ya 34 hadi 38. Halafu nyayo zinakandamiza chini, nyonga inaanza kupanda, mgongo unakaza, bega linavutwa chini, na kiwiko kinanyooka mpaka mkono unakuwa kamba. Jerikani bado iko chini. Kila kiungo kinamaliza ulegevu wake na kukipa kinachofuata, kuanzia ardhini kwenda juu hadi begani na kushuka hadi vidoleni, na jerikani ndiyo ya mwisho kupokea. Katika jerikani tupu kipindi hiki hakipo. Mkono ukivuta, jerikani inakuja ndani ya fremu moja au mbili, na kiwiko kinaweza kubaki kimekunjika kwa sababu misuli ya mkono peke yake inatosha.

Ukiangalia kazi ya mtu na jerikani inaonekana kama karatasi, angalia hapo kwanza. Mara nyingi utakuta mkono na jerikani vinaanza kupanda kwenye fremu ileile, na kiwiko kimekunjwa. Chelewesha fremu kuu ya jerikani kwa fremu sita hadi kumi, nyoosha kiwiko, acha nyonga ianze bila kuisubiri. Sijaona rekebisho jingine dogo kama hilo linalobadilisha shoti kwa kiasi hicho.

Ndani ya fremu hizo kumi liko jambo jingine la kuangaliwa kwa makini. Ule uhamaji wa sentimita 10 kwenda kushoto unaanza lini? Fikirini: jerikani ikiwa chini, ardhi ndiyo inayobeba kilo zote. Kijana anapokaza mkono, ardhi inabeba kumi na tano, kisha kumi, kisha tano, na zinazobaki zinahamia kwake. Kwa hiyo kuegama kunaanza jerikani ikiwa bado imekaa, tuseme fremu ya 40, na kunakamilika karibu na ya 50. Ukikuweka baada ya jerikani kuwa hewani, kwa fremu chache kijana anasimama katika hali ambayo ingemwangusha kulia, na jicho linaona. Ukikuweka kote kabla hajakaza, angeanguka kushoto.

Fremu ya 44 jerikani inaachana na ardhi, nayo haiachani yote pamoja. Upande mmoja wa kitako huinuka kwanza, kwa fremu mbili, kisha wa pili unafuata, kwa kuwa mkono ni nadra kuwa juu kabisa ya katikati yake. Kutoka hapo inapanda kama sentimita 30, ndizo zinazohitajika mkono ufike ulipo mtu akisimama. Nipeni nafasi niwasomee urefu kutoka chini, kila baada ya fremu mbili: fremu ya 46 sentimita moja, ya 48 tatu, ya 50 saba, ya 52 kumi na tatu, ya 54 ishirini, ya 56 ishirini na sita, ya 58 thelathini, ya 60 thelathini na moja. Halafu inashuka taratibu hadi ishirini na tisa ifikapo fremu ya 66, maana mwili umefika juu na sasa unakaa chini ya mzigo. Mnaona mwanzo ulivyo mgumu: fremu nne za kwanza zimezaa sentimita tatu tu. Miguu ikishaingia chini ya mzigo ndipo mwendo unafunguka.

Kwa wanaotumia Blender, fungueni `Graph Editor` na mtazame mstari wa urefu wa jerikani peke yake. Ukiona mstari laini kama kilima, chini na juu vikifanana, programu ndiyo imeamua uzito kwa niaba yako. Unatakiwa uone sehemu tambarare kabisa hadi fremu ya 44, kisha kupanda kunakoanza kwa shida, kisha kilele chenye kuzama kidogo. Na mstari wa nyonga uwe umeshaanza kupanda wakati ule wa jerikani bado umelala.

Niseme kidogo juu ya rigi, kwa sababu hapa ndipo watu hukata tamaa. Katika kuinua, acha jerikani iongoze na mkono uifuate. Weka mkono kwenye `IK`, uufunge kwenye mshikio kwa `Child Of`, na uwashe `Influence` kwenye fremu ambayo vidole vimefunga, kwa fremu kuu isiyoteleza taratibu kutoka sifuri hadi moja. Ukiiacha iteleze, kiganja kitaelea kuelekea mshikio na kupoteza mguso. Kisha kuwa macho na kiwiko. Mkono wa `IK` unaponyooshwa hadi mwisho kiwiko huruka ghafla kwa fremu moja, mtetemo mbaya unaouona hata ukiwa mbali na skrini. Usiufikishe mwisho, bakiza mkunjo mdogo sana ambao mtazamaji hataujua. Ikiwa bega limeenda mbali na kiwiko kinaruka tu, shusha bega lenyewe. Mwili halisi hufanya hivyohivyo.

Mnaweza kuniuliza namba hizi zinatoka wapi. Zinatoka kwenye video. Jirekodi kwa simu ukiinua jerikani, lakini iwe imejaa kweli. Nawaomba sana katika hili. Mtu anayeigiza uzito kwa jerikani tupu hukunja uso, hutetemesha mkono na kuvuta pumzi kwa kelele, huku nyonga yake imesimama katikati kwa sababu haina kazi ya kufanya. Ukinakili video hiyo utanakili uongo kwa uaminifu mkubwa. Video ikisema kweli, uso mara nyingi umetulia kabisa na habari yote iko kwenye nyayo na nyonga. Kumbuka pia kwamba simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Ukihesabu fremu 15 kwenye simu, kwenye mradi wa 24 ni 12. Asiyegeuza namba hizo anaishia na shoti iliyo ndefu kwa robo nzima, na halafu anashangaa kwa nini imezubaa.

Kutembea nitakupitia kwa wepesi zaidi. Mtu asiye na mzigo hutumia kama fremu 12 kwa hatua. Kwa mwenye jerikani usikimbilie kuongeza fremu. Fupisha hatua, punguza muda wa mguu kuwa hewani, ongeza muda ambao nyayo zote mbili ziko chini. Mguu usipande juu. Upite karibu na ardhi. Kisha vunja ulingano. Jerikani iko kulia, kwa hiyo akisimama kwa mguu wa kulia mzigo uko karibu na mguu unaomshika, na anaweza kukaa hapo. Akisimama kwa mguu wa kushoto mzigo unaning'inia mbali, na misuli ya nyonga ya kushoto inafanya kazi kubwa kuzuia fupanyonga lisianguke kulia. Hapo hataki kukaa. Mimi humpa fremu 13 juu ya mguu wa kulia na 10 juu ya wa kushoto, na hilo tu linampa mwendo wa kuchechemea ambao kila mtu aliyeteremka kwenye chemchemi na kupanda nao anautambua. Mtu asiyebeba kitu akitembea hivyo ungesema ana kidonda.

Jerikani yenyewe ikiwa mkononi haichezi sana. Inachelewa fremu mbili hivi nyuma ya mkono kila hatua inapoanza, basi. Ikiwa imejaa hadi kifunikoni maji hayana pa kwenda. Ikiwa robo tatu, maji yatapiga ukuta baada ya kila hatua na kuisukuma, na mshikaji atakuwa anarekebisha kwa kifundo cha mkono. Amua mapema ipi unayo, usiichezeshe kwa ajili ya mapambo.

Kusimama kunahitaji nafasi. Kilo 80 kwa pamoja ziko njiani, hazisimami kwenye fremu uliyoitaka. Mpe hatua fupi moja ya ziada, mguu wa mbele ukikandamiza na kifua kikirudi nyuma kidogo.

Kuitua ndipo shoti nyingi nzuri huharibika, kwa sababu mtengenezaji amechoka na anarudisha kuinua kinyumenyume. Si kitu kimoja. Wakati wa kushuka mwili unazuia mwendo, kwa hiyo jerikani inashuka kwa mwendo usiobadilika, bila haraka, magoti yakikunjika, na sentimita tano za mwisho kijana anaiachilia. Hapo ni ardhi inayoivuta peke yake, na sentimita tano huchukua fremu mbili na kidogo, iwe imejaa au tupu. Hakuna mzigo unaoanguka kwa kasi zaidi kwa sababu ni mzito, kwa umbali mfupi namna hii. Nimeona watu wakiipa jerikani iliyojaa fremu moja ya kuanguka ili ionekane nzito, na matokeo yake ni kama imepigwa risasi kwenda chini. Tofauti inakuja baada ya kugusa. Tupu inadunda, inayumba, inatoa fremu kadhaa za kutulia. Iliyojaa inagusa na kubaki. Haidundi hata mara moja.

Na mwili unapokea kinyume. Kilo 20 zimetoka ghafla, lakini bado ameegama kushoto. Bega la kulia linaruka juu, nyonga inarudi katikati na kupita kidogo kwenda kulia kabla ya kutulia, tuseme fremu nane kwa yote. Vidole havifunguki mara moja. Vilibana mshikio mwembamba kwa muda na vinabaki vimejikunja. Watu wengi huweka sauti ya kishindo hapa. Mimi naomba msiweke sauti yoyote mpaka picha isimame yenyewe, kwa sababu kishindo kizuri kitawaficha ninyi wenyewe kasoro ya bega lililosahaulika.

Njia yangu ya kukagua ni kuificha jerikani. Izimeni isionekane, chezesheni shoti kwa mtu ambaye hakuwaona mkifanya kazi, na mumwulize kijana ameshika kitu cha kilo ngapi. Akisema mkoba, rudini kwenye fremu ya 34 hadi 44. Akisema ndoo ya maji, mmefika karibu. Akitaja uzito sahihi wakati wa kuinua lakini akaanza kusita kijana anapotembea, tazameni nyonga ya kushoto. Jerikani mbili ziko nje kwenye kivuli, moja imejaa na moja tupu. Baada ya chai kila mmoja atarekodiwa na zote mbili, mguu hadi kichwa, kamera ikiwa imesimama, kwanza kutoka mbele na halafu kutoka kando. Kutoka mbele ndiko mtakakozipima zile sentimita 10.